Tupeane uzoefu: Mashine ya mkono ya tofali, soko unalipimaje?

Mchanga Mweupe (mleta mada): Wakuu, nina mashine ya mkono ya tofali za inchi 6. Niko Chanika, nyumba zinaota kila kona, ila wateja hawaji. Wenzangu mnapimaje soko?

Fundi Kivule: Angalia nyumba imefika wapi. Ikifika kwenye renta, huyo tofali kashamaliza, labda za kozi chache za juu. Mteja wako ni aliyechimba msingi, na aliyehamia juzi hana uzio. Wa uzio ndiyo mtamu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 mzunguko wake ni mita 100. Toa geti la mita 4, ukuta uende juu mita 2, una mita za mraba 192. Kila moja inakula kama tofali 9, hapo ni 1,700 na ushee, msingi bado. Zunguka Jumapili, ndiyo siku wenye saiti wanakuja kuchungulia.

Mama Bloku: Huku kwetu wengi hawanunui tofali. Wananunua mchanga na saruji kidogo kidogo, wanaita mtu afyatue pale pale. Ukiona rundo la mchanga kwenye kiwanja kitupu, piga hodi. Mashine yangu naipakia kwenye guta, nalipwa kwa tofali, saruji ni ya mwenye kiwanja.

Mtaji Mdogo: Siri ni bei tu. Mfuko mmoja wa saruji toa tofali 45, uza chini ya wote.

Fundi Kivule: 45 za inchi 6? Hizo ukipitisha msumari kwenye kona zinamwagika. Mimi sizidishi 30. Maji napima kwa ngumi: ukifinya mchanganyiko ushikane, usichuruzike. Maji yakizidi, tofali inatuna ikitoka tu kwenye mashine. Halafu mwagilia wiki nzima, jua lisizipate. Mwenye nyumba anamuuliza fundi wake akanunue wapi, na fundi ndiye anayevunjikiwa nazo mkononi.

Mtaji Mdogo: Mbona wanaouza hizo wanamaliza?

Mama Bloku: Wanamaliza kweli, hasa kwa wajenga vyumba vya kupangisha. Hilo sibishi.

Mnyalu: Niko Iringa, huku ni tofali za kuchoma. Hiyo mashine nikiweka udongo inakubali?

Mama Bloku: Hapana kaka, hii ni ya mchanga na saruji. Ya udongo ina mkono mrefu wa kushindilia, unachanganya na saruji kidogo, tofali zinafungamana. Ulizia NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi. Ila mtaa uliozoea za kuchoma, uliza kwanza nani atanunua.

Mchanga Mweupe: Jumapili nazunguka. Masika je, lori la mchanga likishindwa kupita? Mnafyatua akiba mapema?

Fundi Kivule: Mimi naweka akiba ya mchanga, sio tofali. Tofali zikilala pesa yako nayo imelala.

Mama Bloku: Mchanga wa akiba huku kwetu usiku unaondoka na toroli. Bora tofali.