Mrejesho: Barua ya mapendekezo na kazi inayofuata

Niliuliza: "Mkataba wangu wa muda kupitia wakala unaisha, niombeje barua na kazi nyingine?"

Ndugu zangu, nilimwandikia dada wa wakala wiki tatu kabla, nikataja tarehe nitakayokuwa huru. Alinitumia cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akitoe mkataba unapokoma, lakini changu hakikusema lolote kuhusu utendaji wangu. Nilimjibu kwa upole kwamba ninaomba barua ya mapendekezo, nikaambatanisha maelezo mafupi ya msimamizi wa ghala, kwa kuwa yeye wakala, kusema kweli, hakuwahi kuniona nikihesabu hata katoni moja. Barua ilifika baada ya siku nne. Kazi niliyopewa, Kurasini, ni ya miezi miwili tu, nimeikubali.