Wametufungia geti, ndani vibarua wanaendesha mashine zetu, halafu mshahara wamekata siku zote 11!

Mfumaji wa Zamu ya Usiku:
Wakuu, nina hasira hata kuandika naandika vibaya. Kiwanda chetu cha nguo, sitakitaja. Tuligoma Jumatatu, Jumanne na Jumatano kudai nyongeza ya mshahara, baada ya usuluhishi pale tume ya migogoro ya kazi, CMA, kukwama. Jumatano jioni chama kikaandika barua: mgomo umesitishwa, kesho kazini.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tumefika na sare zetu, geti lina kufuli jipya. Karatasi imebandikwa kwa gundi: anayetaka kuingia asaini kwanza kukubali masharti mapya ya zamu. Hatukusaini. Usiku Fuso imeingia geti la nyuma na vibarua. Najua mashine yangu kwa mlio, mkanda wake unapiga kelele kabla ya kukatika, na nimeisikia kutoka nje ya ukuta! Mtu anaiendesha ambaye hata uzi haujui.

Wametuweka nje zamu 8. Leo karatasi ya mshahara inasoma makato ya siku 11. Kwangu ni 13,000 kwa siku, yaani 143,000 zimekwenda. Na kota wametukatia maji. Haki iko wapi?

Mzee wa Bandarini:
Kijana, ukigoma hulipwi, iko dunia nzima. Na vibarua mwajiri anaruhusiwa kuweka. Afrika Kusini mbona wanaweka kila siku.

Bi Katiba:
Mzee, shikamoo, lakini nusu tu ya hayo ni kweli. Kutolipwa kwa kazi usiyofanya, ndiyo, hata mgomo ukiwa halali. Vibarua hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 76, inakataza kuweka watu mbadala kwenye mgomo halali na kwenye kufungiwa nje halali. Hata hao Afrika Kusini wana mipaka: mwajiri aliyefungia watu nje anaruhusiwa mbadala pale tu anapojibu mgomo. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba yao, kesi ya chama cha wafanyakazi NUMSA na kampuni ya Trenstar, ilisema mgomo ukishasitishwa hakuna tena cha kujibu, kwa hiyo mbadala hapana. Karibu sawa na yaliyompata mtoa mada, ingawa hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu.

Mfumaji, usidai 143,000. Zile siku 3 za mgomo, 39,000, zisahau. Pigania 104,000 za zamu 8. Mwajiri akitaka kuwafungia lazima naye apite usuluhishi na atoe notisi ya saa 48. Karatasi ya gundi asubuhi ile ile si notisi. Hoja yenu ni kwamba mlikuwa tayari kufanya kazi, yeye ndiye aliyekataa. Lakini mtaithibitishaje? Mlisaini daftari pale getini kila zamu, majina na saa? Chama kilimwandikia?

Maji ya kota: kama nyumba na huduma zake ni sehemu ya ujira wako, hazikatwi wakati wa mgomo halali. Thamani yake anaweza kuidai baadaye kwa makubaliano, ila maji hafungi.

Dada Mwanaidi:
Mimi wangu hakupeleka NSSF miezi saba na sikugoma hata siku moja. Nifanyeje?

Bi Katiba:
Dada, hayo ni madai ya haki uliyonayo tayari kisheria, wala hayagomewi. Nenda NSSF, fungua uzi wako tutakujibu.

Mfumaji wa Zamu ya Usiku:
Daftari tulikuwa nalo siku tano za mwanzo, baadaye watu wakachoka. Picha za Fuso ninazo, namba inasomeka. Ila subirini, kwenye barua ya notisi ya mgomo viongozi waliandika na ovataimu ya mwaka jana ambayo hatujalipwa. Ina shida?

Bi Katiba:
Ina shida. Ovataimu unayodai tayari si ya kugomea. Nyongeza ni ya kugomea. Barua ikichanganya vyote viwili, wakili wao ataivuta huko, na sijui hakimu atasimama wapi. Notisi yenu ilipokelewa lini?

Mzee wa Bandarini:
Ndiyo maana nikasema hulipwi.

Mfumaji wa Zamu ya Usiku:
Nimeipata nakala kwa mwenyekiti sasa hivi. Muhuri wa mapokezi: Jumamosi, saa nne asubuhi. Tuligoma Jumatatu saa kumi na mbili.

Bi Katiba:
Hesabu mwenyewe. Ni saa 44, si 48.

Mfumaji wa Zamu ya Usiku:
Yaani saa nne zinatufanya sisi wavunja sheria?

Bi Katiba:
Kwa zile siku tatu watasema hivyo, na huenda wakatafuta mtu wa kumfukuza. Na wakisema mgomo haukuwa halali, hata katazo la vibarua watalikwepa. Lakini Alhamisi mgomo ulikuwa umekwisha, na geti wamelifunga wao. Madai ya mshahara yanapelekwa CMA ndani ya siku 60, fomu namba 1. Msichanganye na ovataimu humo. Na zile kurasa za daftari, zipigeni picha leo kabla mtu hajazipoteza.

Mfumaji wa Zamu ya Usiku:
Daftari liko kwa mlinzi. Mlinzi ni wa kwao.