Tangazo la korosho: watu wanakimbia sekunde za mwisho, nilimalizieje ili lijirudie lenyewe?

DadaKorosho_Mtwara
Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini, nauza korosho za kukaanga, pakiti za gramu 250 na nusu kilo. Nina tangazo la sekunde 15 huko TikTok na Instagram: karai jikoni, mama anapepeta korosho kwenye ungo, pakiti, halafu kadi nyeupe yenye jina na namba ya simu kwa sekunde 3. Nikifungua takwimu, mstari wa watazamaji unakwenda vizuri, kisha unaporomoka pale pale kadi inapotokea. Kuna matangazo naona yanajirudia bila mtu kujua yameisha wapi, unashtukia umetazama mara tatu. Nataka mwisho wa namna hiyo, na nataka watu walitume kwa wenzao. Nina simu na CapCut tu. Naombeni ushauri.

Kijana_wa_Chuno
Dada, rahisi sana hiyo. Chukua klipu ya kwanza uiweke tena mwishoni, mwanzo na mwisho vifanane. Au igeuze irudi kinyumenyume, inaungana yenyewe.

FundiPicha_Lindi
Kijana, kufanana uko sahihi, lakini ukiweka klipu ile ile mara mbili mtazamaji anaona tendo moja limerudiwa, anajua hapa nimeshapita, anaondoka. Kurudisha nyuma kunafaa kwa kitu kisicho na upande, kwa mfano pazia linalopeperushwa na upepo. Korosho zikianza kuruka zenyewe kutoka kwenye ungo jicho linakataa hapo hapo.

Dada, kwanza ondoa kadi. Mtu akiona kadi anaelewa kwamba maneno yamekwisha, na kidole kinapandisha juu. Dawa ni kumaliza na tendo ambalo halijakamilika, na ukamilifu wake uwe ndio mwanzo wa tangazo. Bahati yako unapepeta korosho, kitu ambacho kwa asili yake kinakwenda juu na kurudi.

Fanya hivi. Egemeza simu mahali isipotikisika, bonyeza kioo kwa muda mrefu mpaka mwanga na fokasi vijifunge, halafu mama apepete mfululizo bila kusimama. Chagua kipande cha kama sekunde 4 chenye mipepeto kadhaa. Kikate katikati, pale korosho zikiwa hewani na maganda membamba yanaruka pembeni. Sasa badilisha nafasi: nusu ya pili iwe mwanzo wa tangazo, nusu ya kwanza iwe mwisho. Katikati ndipo unaweka karai, pakiti na bei.

Ona kinachotokea. Tangazo linaanza korosho zinashuka na kutua kwenye ungo. Linaisha korosho zimerushwa, ziko juu. Mtazamaji anasubiri zishuke, na zinashuka kwenye mzunguko unaofuata. Kiungo hakionekani kwa sababu picha ya mwisho na picha ya kwanza zilifuatana tangu kamera ilipozichukua. Mwanga ni ule ule, mkono ule ule.

DadaKorosho_Mtwara
Kaka, hapo nimekuelewa kabisa. Sauti je? Nina muziki chini na mimi naongea juu yake.

FundiPicha_Lindi
Sauti ndiyo inayofichua wengi. Picha inaungana vizuri, kumbe muziki umekatwa katikati ya pigo na sikio limeshtuka. Tafuta mdundo wa mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo ni nusu sekunde, mapigo manne, yaani fungu moja, ni sekunde 2, kwa hiyo tangazo la sekunde 12 linabeba mafungu sita kamili. Anza muziki kwenye pigo la kwanza la fungu, na usiuache ufifie mwishoni.

Ule mlio wa korosho zikitua kwenye ungo, usiufunike. Uache usikike mwanzoni kabisa kabla hujaanza kusema. Mwishoni, wakati korosho ziko juu, nyamaza. Sauti yako ikivuka kiungo itakatika vibaya.

Maneno ya kwenye kioo nayo ni hivyo hivyo. Yakiwepo kwenye picha ya mwisho na kwenye ya kwanza hayapo, kiungo kinaonekana. Ama yakae mahali pamoja mwanzo hadi mwisho, ama yaondoke kabla ya zile sekunde 2 za mwisho. Na kabla ya kuhifadhi, angalia mwisho wa mstari wa CapCut. Huwa inaongeza kipande chake chenye nembo. Kifute.

MwenyeVyumba_Mikindani
Samahani, mimi nina nyumba ya wageni hapa Mikindani na matangazo yangu yote naweka WhatsApp Status. Nimefuata hii ya kujirudia, mbona yangu haijirudii? Inakwenda tu kwa mtu mwingine. Au nilipie?

FundiPicha_Lindi
Mzee wangu, hakuna cha kulipia. Status inacheza mara moja na kupita, na video uliyotumiwa kwenye mazungumzo inasimama ikiisha. Mwisho huu ni kwa ajili ya TikTok, Reels na Shorts. Kwa WhatsApp tengeneza nakala ya pili yenye mwisho uliofungwa: jina, bei, namba. Dada naye vivyo hivyo, la sivyo mteja wa WhatsApp atabaki na korosho zimeganda hewani asijue ampigie nani. Na usipakue kutoka TikTok ndipo utume, kwa sababu inaongeza nembo na mlio wake mwishoni. Tuma faili yenyewe iliyoko kwenye simu.

BintiNewala
Nataka kuongeza kwenye suala la kutuma. Kujirudia na kutumwa ni vitu viwili. Mimi naweza kutazama mara nne na nisimtumie mtu. Nitatuma kama kuna mtu fulani amenijia akilini. Sisi huku kila anayesafiri kwenda Dar anaagizwa korosho. Katikati ya tangazo weka maandishi "Mtumie anayerudi kutoka Mtwara". Na onyesha kwa karibu korosho ikivunjwa kwa vidole, ikatike kwa mlio bila kupinda, watu wajue iliyokaangwa vizuri na iliyoingia unyevu. Hiyo hata asiyenunua atamtumia mwenzake.

FundiPicha_Lindi
Binti, hiyo ya kuagiza ni kali, na ipewe sekunde zake.

Mzee_wa_Shangani
Mimi nauliza. Namba ya simu mmeiondoa mwishoni, mteja ataipata wapi? Biashara si kutazamwa.

DadaKorosho_Mtwara
Mzee, nimefikiria ikae kwenye lebo ya pakiti, niipige picha kwa karibu, na iwe pia kwenye wasifu wangu.

Mzee_wa_Shangani
Lebo haisomeki kwenye simu ndogo. Mimi ningeiandika kubwa juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho.

FundiPicha_Lindi
Hapo mzee ana hoja, ingawa kwa macho yangu maandishi makubwa muda wote yanamwambia mtu mapema kwamba hili ni tangazo. Jaribu yote mawili, dada, wiki tofauti, uone lipi linaleta ujumbe zaidi wa kuulizia bei.

Kwenye takwimu angalia wastani wa muda wa kutazama. Tangazo likiwa la sekunde 12 na wastani uko 7, usihangaike na mwisho, wengi hawafiki huko. Rekebisha katikati kwanza. Ukizidi 12, watu wanazunguka. Ila soma na maoni. Wakiuliza "mbona imekatika?", kiungo kinaonekana, na wanarudia kwa kutoelewa. Rudi kwenye ile picha ulipokata.

DadaKorosho_Mtwara
Nimeelewa kaka, nashukuruni sana. Kesho asubuhi mama anakaanga, narekodi mpepeto kabla jua halijapanda. Nakala ya namba kubwa naanza nayo, kisha ya lebo. Nitaleta takwimu za zote mbili hapa hapa.