Naomba ushauri: milioni 30 zilizoingia ghafla, za mpunga au za kuazima?

Wakuu, nakagua chanzo cha fedha hapa Mbeya. Mzazi anayemdhamini mwanawe kusoma nje ana akaunti ambayo salio lake halikuwahi kufika milioni 2. Februari ikaingia milioni 30 kwa mkupuo, wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Anasema ameuza mpunga wa Mbarali. Msimu haunisumbui, wengi huweka ghalani wakisubiri bei ipande. Shaka yangu ni kwamba aliyeweka ni shemeji yake, si mnunuzi, na risiti ya ushuru wa mazao hakuna. Sitaki kumwonea mkulima wa kweli. Je, niombe taarifa ya akaunti ya shemeji, au nisubiri mwezi nione kama fedha zitarudi kwake?