Habu ya trela imeng'ang'ania ekseli, naomba ushauri

Habari zenu mafundi. Nina trela ya boti hapa Mombasa, huingia maji ya chumvi Tudor mara kwa mara. Haina breki. Habu ya kushoto imekataa kutoka. Kifuniko, pini na nati nimeshatoa, beringi ndogo ya nje ikatoka vizuri, grisi yake imegeuka tope jekundu. Nadhani beringi kubwa ya ndani ndiyo imeshikwa na kutu kwenye ekseli, kwani habu inacheza kidogo lakini haisogei mbele. Nimemwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kisha nikavuta kwa pula ya miguu mitatu. Wapi.

Nikiendelea kuvuta, naogopa habu itoke iache ringi ya ndani kwenye ekseli. Hiyo nikiikata kwa grenda, nitaepukaje kuchubua sehemu ya kukaa sili?

Pili, ringi za nje ndani ya habu ya kulia, iliyotoka salama, hazina nafasi nyuma ya kushika panchi. Nimesikia ukizungushia mstari wa weldi ndani ya ringi, ikipoa hunywea na kuanguka yenyewe. Aliyewahi kufanya, habu haikupinda?