Mliotoka kibandani mkaingia jikoni mwa hoteli kubwa: tupeane uzoefu

Mpishi wa Umoja: Nilipika miaka kadhaa karibu na soko la Burma, kisha nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu. Huhitaji kuwa umepita chuoni. Ujuzi wa kazini unakubalika, mradi uuonyeshe kwa vitendo. Cheti hicho kilinifikisha kwenye intavyu Westlands, lakini kazi niliipata kwa sufuria ya mchuzi.

Siku ya majaribio tulikuwa wawili. Mwenzangu ana diploma, na kisu anakishika vizuri kunishinda. Tulipomaliza kupika, shefu akasema kila mmoja ahifadhi mchuzi wa ng'ombe uliobaki, akaondoka. Mwenzangu akafunika sufuria ikifuka mvuke, akaitia kwenye friji. Mimi niliumimina mchuzi kwenye trei pana, kina cha vidole viwili hivi, nikazikalisha kwenye barafu huku nikikoroga. Sufuria nzima hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Tena joto lake linaharibu vya jirani. Mchuzi unatakiwa ushuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, halafu hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Shefu alirudi na kipimajoto, akakichomeka katikati ya kila chombo, kisha akasoma kibandiko changu: jina la chakula, tarehe, saa. Nyinyi mlipimwa kwa jambo gani?

Kamau wa Rongai: Tusidanganyane, bila kupita Chuo cha Utalii hoteli za nyota tano hazikutazami.

Bi. Achieng: Kamau, Utalii kunakusaidia kuitwa, hilo nakubali. Ila mimi niliingia kama msafisha vyombo, nikapanda hadi mezani pa saladi, na cheti nikakifanya nikiwa humo humo. Kilichonisumbua ni mizani. Kibandani nilipakua kwa jicho, mteja wangu nikamwongezea. Hotelini kuna kadi ya mapishi, na nyama ya kila sahani inapimwa kwa gramu. Ukizidisha, shefu anakuja kuuliza, kwa sababu bei ya sahani imepigwa kwa gramu hizo.

Mama Chapo, Kawangware: Mimi cheti ninacho, kile cha afya cha kaunti. Si kinatosha?

Mpishi wa Umoja: Hapana, mama. Hicho kinasema umepimwa na unaruhusiwa kushika chakula, na kila miezi 6 unakihuisha. Hoteli watakidai, lakini hakisemi unajua kupika. Kwa mkono wako wa chapati, uliza NITA kuhusu gredi ya tatu.

Juma wa Eastleigh: Nauliza ya Ghuba. Wakala anasema gredi ya tatu inatosha Qatar, mwingine anataka ya pili. Nani ameenda na ya tatu?

Bi. Achieng: Binamu yangu alienda nayo, lakini alikuwa na barua ya hoteli aliyofanyia kazi hapa. Sijui kipi kilimsaidia. Usilipe wakala kabla hujaona mkataba.