Msaada: mgeuzo wa Fourier wa 1 na wa cos unatoka wapi ikiwa integrali yenyewe haitulii?

Mawimbi_Tu

Wakuu, habari za leo. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa pili, na nimekwama mahali ambapo wenzangu wote wanaparuka tu.

Mpigo sina shida nao. Integrali ya δ(t)e^(−j2πft) inaokota thamani pale t = 0, jibu ni 1 kwa masafa yote. Nikija kwenye x(t) = 1 mambo yanaharibika. Nikipiga integrali kutoka −T/2 hadi T/2 napata sin(πfT)/(πf), kisha naambiwa "T ikikua bila kikomo, hiyo inakuwa δ(f)". Nikajaribu kwa f = 0.1. T ikiwa 5 napata 3.18, ikiwa 10 napata 0, ikiwa 15 napata −3.18, ikiwa 25 narudi kwenye 3.18. Haiendi sifuri hata kidogo! Sasa hiyo delta, ambayo inasemwa ni sifuri kila mahali isipokuwa f = 0, imetoka wapi?

La pili: notisi zangu zinasema cos inatoa π[δ(ω−ω₀) + δ(ω+ω₀)], kitabu cha maktaba kinasema ½[δ(f−f₀) + δ(f+f₀)]. Nishike kipi?

Kipimo_Sahihi

Mkuu usijitese. Pale f = 0 unajumlisha 1 bila kikomo, unapata infiniti. Kwingine kote wimbi linapanda na kushuka, chanya na hasi zinafutana. Infiniti sehemu moja, sifuri kwingine: hiyo ndiyo delta. Andika hivyo kwenye mtihani, maksi unapata.

Mama_Sigma

Kipimo, kufutana kupo kweli, lakini si mahali unapopasema, na namba za mdogo wetu zinaonyesha hivyo. Kisha infiniti haitoshi kutambulisha delta. Chukua x(t) = 5 badala ya 1. Pale f = 0 unapata infiniti ileile, ila jibu lazima liwe 5δ(f). Hiyo 5 utaisoma wapi?

Mawimbi, acha kuiuliza delta ina thamani gani kwenye nukta moja moja. Delta inajulikana kwa kazi yake: ukiizidisha na fanksheni laini φ(f) na kupiga integrali, inakurudishia φ(0). Basi. Dirac aliitumia hivyo kwenye fizikia ya kwanta, na Laurent Schwartz ndiye aliyeiwekea msingi imara. Alipewa nishani ya Fields mwaka 1950.

Sasa mgeuzo. Kwa fanksheni za kawaida, ukibadilisha mpangilio wa integrali mbili unapata

∫ X(f) φ(f) df = ∫ x(t) Φ(t) dt

ambapo Φ ni mgeuzo wa φ. Pale ambapo integrali ya x haina jibu, usawa huu ndio tunaufanya kuwa maana ya X. Mzigo unahamia kwa φ, ambayo ni laini na inashuka haraka sana, kwa hiyo mgeuzo wake haugombi na mtu.

Weka x = 1. Kulia panabaki ∫ Φ(t) dt, ambayo kwa kanuni ya kurudisha ni φ(0). Nani anayerudisha φ(0)? Delta. Kwa hiyo X = δ(f), na infiniti hatukuitaja popote.

Kwa cos(2πf₀t), igawe kwa Euler. Kila nusu inatoa φ kwenye masafa yake, jumla ni ½[φ(f₀) + φ(−f₀)]. Hizo ni delta mbili, kila moja ina uzito ½.

Turudi kwa T yako. Chukua φ(f) = e^(−πf²), ambayo φ(0) yake ni 1. Zidisha na sin(πfT)/(πf), kisha piga integrali juu ya f yote. Ni sawa na kuijumlisha e^(−πt²) kutoka −T/2 hadi T/2. T = 1 inatoa 0.79, T = 2 inatoa 0.988, T = 3 inatoa 0.9998. Kwenye f = 0.1 peke yake namba zako zitayumba milele, lakini mbele ya φ zinatulia mapema kabisa. T inapokua mayumbo yanazidi kubanana, φ haiwezi kuyafuata, ndipo yanafutana.

Mawimbi_Tu

Asante sana mama. Kumbe nilikuwa naipima kwa nukta wakati inapimwa kwa integrali. Na ile π dhidi ya ½?

Mama_Sigma

Zote sahihi, ila usizichanganye. ω = 2πf, na δ(2πf) = δ(f)/2π kwa sababu eneo linabanwa. Ndiyo maana π ya upande wa ω inakuwa ½ upande wa f, na mgeuzo wa 1 ukiandikwa kwa ω ni 2πδ(ω). Jihakiki kwa kurudi kwenye t = 0, ambapo cos lazima iwe 1. Kwa f: ½ + ½ = 1. Kwa ω: (π + π)/2π = 1. Ukipata 6.28 ujue umechukua delta za ω ukasahau kugawa kwa 2π.

Fundi_Oscilo

Naomba kuingilia. Mimi narekodi umeme wa ukutani, 50 Hz, nimeushusha na kuupanga kimo kiwe 1. Sampuli 1000 kwa sekunde. Nikirekodi sekunde 1, kilele cha FFT ni 500. Sekunde 2 kinakuwa 1000. Nikirekodi saa nzima kitafika hiyo infiniti yenu? Kifaa kibovu?

Mama_Sigma

Kifaa ni kizima. Zidisha FFT kwa hatua ya muda ili ifanane na integrali:

```
dt = 0.001
X = dt * np.fft.fft(x)
```

Sekunde 1: kilele 0.5, nafasi kati ya vituo vya masafa 1 Hz. Sekunde 2: kilele 1, nafasi 0.5 Hz. Zidisha kimo kwa upana, mara zote mbili ni ½. Huo ndio uzito wa delta. Kimo kinafuata tu urefu wa rekodi. Ila hesabu hii safi inataka 50 Hz iangukie juu ya kituo. Ikiwa 49.8 kwenye rekodi ya sekunde 1, kilele kinashuka na kingine kinamwagikia vituo vya jirani.

Kipimo_Sahihi

Sawa mama, lakini mwalimu wetu anakubali jibu la infiniti na sifuri, na muda wa mtihani ni mfupi. Mimi nabaki nalo.

Mawimbi_Tu

Mawili ya mwisho. Kwa njia hii e^t nayo itapata mgeuzo? Na nguvu ya cos naipataje, nafanya δ mara δ?

Mama_Sigma

e^t hapana. φ zinashuka haraka kuliko 1 juu ya kipeo chochote cha t, lakini zipo ambazo e^t inazishinda, na integrali ya kulia inalipuka. Kwa hiyo ni nyumbani kwa Laplace.

δ mara δ usiandike, haina maana kwenye mfumo huu. Kata ishara kwa urefu T, chukua |X_T(f)|²/T, kisha ndipo uiache T ikue. Kwa cos utapata uzito ¼ kwenye +f₀ na ¼ kwenye −f₀, jumla ½, ambayo ndiyo wastani wa cos².

Fundi_Oscilo

Hiyo ya kugawa kwa T nitaijaribu kwenye rekodi zangu. Ila umeme wa huku masafa yake yanacheza ndani ya dakika moja. Hapo bado kuna delta kweli, au kilima tu?